Atakuwa Anapika au Atakuwa Amepika? Namna ya Kujaza Pengo la Wakati Ujao

Tazama sentensi hizi mbili. "Kesho saa kama hizi Asha atakuwa anapika." "Kufikia kesho saa kama hizi Asha atakuwa amepika." Saa ni ile ile na mpishi ni yule yule, lakini mgeni atakayebisha hodi hatakuta hali moja. Wa sentensi ya kwanza atakuta moto unawaka na Asha ana mwiko mkononi. Wa sentensi ya pili atakuta sufuria zimeepuliwa na chakula kimefunikwa, na Asha mwenyewe huenda hata nyumbani hayupo.

Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa katika mazoezi ya kujaza mapengo ya wakati ujao. Mwanafunzi hupewa sentensi yenye dalili ya wakati, kama vile "kufikia mwakani", "kesho wakati kama huu" au "ifikapo Juni", kisha huachiwa kitenzi kwenye mabano akiweke katika umbo linalofaa. Vitabu vya sarufi huyaita maumbo hayo wakati ujao hali ya kuendelea na wakati ujao hali timilifu. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, maswali ya namna hii yana nafasi yake katika karatasi ya pili, sehemu ya matumizi ya lugha, ambayo peke yake ina alama 40. Nje ya darasa, maumbo haya haya hutumiwa na afisa anayeandika ripoti ya mradi na fundi anayemwahidi mteja lini kabati litakuwa tayari.

Wengi wamefundishwa kanuni fupi: ukiona "saa kama hizi" weka -na-, ukiona "kufikia" weka -me-. Kanuni hiyo inasaidia mara nyingi, halafu inakutupa pale pale unapoihitaji. Sababu ni kwamba dalili ya wakati inakuonyesha tu mahali pa kusimama katika kesho. Kinachochagua kiambishi ni kitenzi chenyewe: kinataja kazi inayochukua muda, au badiliko linalotokea kisha likaacha hali nyuma yake?

Umbo lenyewe

Maumbo yote mawili yana vitenzi viwili. Cha kwanza ni kitenzi kisaidizi "kuwa" katika wakati ujao: nitakuwa, utakuwa, atakuwa, tutakuwa, mtakuwa, watakuwa. Hicho kinatupeleka mbele. Cha pili ni kitenzi kikuu, nacho hakichukui -ta- tena. Kinachukua -na- au -ki- kama kitendo kitakuwa kinaendelea, na -me- kama kitakuwa kimekwisha tokea. Kwa hiyo tunapata "atakuwa anasoma" au "atakuwa akisoma" upande mmoja, na "atakuwa amesoma" upande wa pili.

Kati ya "atakuwa anasoma" na "atakuwa akisoma" hakuna kosa. Umbo la -ki- hukutana nalo zaidi katika maandishi na katika usemi wa waliokulia karibu na pwani. La -na- ndilo linalosikika zaidi mitaani. Angalia tu vitenzi vya silabi moja, maana ndipo wengi wanapoteleza. Pamoja na -na- na -me-, vitenzi hivyo hubaki na ku- yao: atakuwa anakula, atakuwa amekula. Pamoja na -ki- huiacha: atakuwa akila, watakuwa wakinywa. Ukiandika "atakuwa akikula" umepoteza alama.

Jambo la pili ni upatanisho. Kiambishi cha nafsi au cha ngeli hukaa kwenye vitenzi vyote viwili, si kimoja. Vitabu vitakuwa vimefika. Barabara itakuwa imekamilika. Maji yatakuwa yamechemka. Mvua itakuwa ikinyesha. Hata pasipo na mtenda wa kutajwa, upatanisho hauachwi: ukifika kijijini kutakuwa kumekucha. Kosa linaloonekana sana kwenye madaftari ni "vitabu itakuwa vimefika". Lina asili yake katika mazungumzo, na nitalirudia hapo chini, lakini kwenye zoezi la sarufi halikubaliki.

Dalili zinazotaja nukta na zinazotaja ukomo

Dalili za wakati zimegawanyika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza linataja nukta na kukuambia uchungulie hapo: kesho saa kama hizi, wiki ijayo siku kama ya leo, mwakani wakati kama huu, Jumapili saa nne asubuhi, utakapopiga simu. Swali linalojibiwa ni hili: ukichungulia saa hiyo, utamkuta mtu anafanya nini? Kwa kawaida jibu ni kitendo kilicho katikati ya kutendeka. "Jumatatu saa tatu asubuhi watahiniwa watakuwa wakiandika insha." Watakuwa wameanza kabla ya saa tatu na wataendelea baada yake, saa tatu ni dirisha tu.

Kundi la pili linataja ukomo: kufikia mwakani, ifikapo Juni 30, itakapofika saa sita, kabla ya Idi, kabla jua halijazama. Hapa swali ni jingine. Mstari umechorwa, nasi tunauliza kitu gani kitakuwa kimetokea upande wa huku wa mstari. Lini hasa kilitokea si hoja yetu. "Ifikapo Juni 30 barabara itakuwa imekamilika" inaweza kuwa kweli ikiwa lami ilimwagwa Machi, na inaweza kuwa kweli ikiwa walimaliza jana yake usiku.

Tarehe hiyo sikuichagua ovyo. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa serikali katika Tanzania na Kenya, na ripoti za miradi zimejaa sentensi za aina hii. Msomaji wa ripoti ajifunze kutofautisha "itakuwa imekamilika" na "itakuwa inakamilika". Ya kwanza ni ahadi inayopimika: siku hiyo unakwenda na gari unapita. Ya pili inasema siku hiyo mafundi watakuwa kwenye hatua za mwisho, na hatua za mwisho zina tabia ya kurefuka. Mkandarasi mwerevu huipenda ya pili.

Neno "kabla" lina sharti lake. Likifuatwa na kitenzi chenye mtenda, kitenzi hicho huwa katika ukanushi wa -ja-: "Kabla mgeni hajafika, tutakuwa tumefagia uwanja." Ama sivyo huandikwa "kabla ya mgeni kufika". Usiandike "kabla mgeni atafika", hata kama kitendo ni cha kesho. Dalili nyingine za kishazi hukubali wakati ujao bila taabu: "Atakapofika, tutakuwa tumefagia uwanja." Na -ki- ya masharti hufaa pia: "Akifika, atatukuta tumefagia."

Kuna na dalili zisizosema lolote kuhusu nukta wala ukomo. "Mwakani" peke yake, "kesho" peke yake, "wiki ijayo" peke yake: hizo hutosheka na wakati ujao wa kawaida. "Mwakani Juma atahitimu." Mwanafunzi anayelazimisha "mwakani Juma atakuwa amehitimu" hajakosea sarufi, ila amebadilisha maana, kwa sababu sasa mwaka wenyewe umegeuka kuwa mstari ambao Juma atakuwa ameuvuka.

Neno "hadi", pamoja na "mpaka", linahitaji uangalifu wa peke yake kwa kuwa linaingia kundi lolote. "Hadi saa nne usiku atakuwa anaandika" maana yake kalamu haitawekwa chini kabla ya saa nne. "Hadi saa nne usiku atakuwa ameandika barua zote" maana yake saa nne ni ukomo na barua zitakuwa tayari. Ukikutana na "hadi" kwenye pengo, usimalize kusoma hapo. Tafuta kama kuna kitu kinachohesabika au chenye mwisho: barua zote, kurasa kumi, shamba lote, deni lake. Kikiwepo, elekea -me-. Kisipokuwepo, kitendo kinatiririka tu na -na- au -ki- ndiyo yake.

Vitenzi vinavyoipindua kanuni

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Jaza pengo hili: "Kesho saa sita usiku mtoto ____ (lala)." Dalili ni ya nukta kabisa. Kwa kanuni fupi, jibu lingekuwa "atakuwa analala". Lakini muulize mama yeyote anayezungumza Kiswahili tangu utotoni: mtoto wake saa sita usiku atakuwa amelala. Kiambishi ni -me- ingawa usingizi ndio kwanza umekolea na utaendelea mpaka alfajiri.

Hilo si jambo la ajabu wala si upekee wa kitenzi kimoja. Kiswahili kina kundi la vitenzi vinavyotaja badiliko dogo la mara moja, ambalo likishapita huacha hali: lala, kaa, simama, vaa, beba, shika, inama, choka, lewa, fura, vimba, jaa, iva, oza, kauka, nyamaza. Mtu aliyeketi mbele yako husemi "anakaa kitini", unasema "amekaa". Aliye na kanzu mwilini "amevaa kanzu". Debe lenye maji hadi juu "limejaa". E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, alilionyesha jambo hili kwa uwazi: -me- haisemi tu kwamba kitendo kimepita, inasema pia hali iliyobaki baada yake. Hali hiyo ndiyo tunayoisogeza mbele tunapoongeza "atakuwa".

Kwa hiyo kwa vitenzi hivi, "atakuwa ame-" hufanya kazi zote mbili: hutaja badiliko lililopita na hali inayoendelea. Na "atakuwa ana-" inapotumika, maana hubadilika. "Ukifika saa tisa, bibi harusi atakuwa anavaa" ina maana bado yuko chumbani, zipu haijafungwa na viatu vinatafutwa. "Atakuwa amevaa" ina maana yuko tayari kutoka. Vivyo hivyo "ndoo itakuwa inajaa" ni ndoo iliyo chini ya bomba, na "ndoo itakuwa imejaa" ni ndoo ya kuondoa. Kwa "lala", umbo la kuendelea huashiria zaidi mazoea: "Mwezi ujao Rehema atakuwa analala kwa shangazi yake" haimaanishi kwamba atasinzia mwezi mzima, inamaanisha kwamba kila usiku ndiko atakakolala.

Upande wa pili wa kanuni nao una mianya. Tumesema "kufikia" inataja ukomo na ukomo hupenda -me-. Sasa jaza: "Kufikia mwakani mtoto huyu ____ (tembea)." Mtoto ana miezi mitano. Jibu la asili ni "atakuwa anatembea". Hatusemi kwamba atakuwa amekwenda safari fulani akaimaliza. Tunasema kwamba kabla ya mstari huo atakuwa ameanza kutembea, na uwezo huo utakuwa naye. Vitenzi vya ujuzi na uwezo huenda njia hiyo hiyo: kufikia Desemba atakuwa anajua kusoma, atakuwa anaweza kuogelea, atakuwa anazungumza Kikuyu. Ukipenda -me-, itie kwenye kitenzi cha kuanza au kupata: "atakuwa amejifunza kusoma", "atakuwa ameanza kutembea". Maumbo yote mawili ni sahihi, na mtahini anayekubali moja tu anamwonea mtoto.

Nadhani chanzo cha fujo hii ni kwamba mazoezi mengi yametungwa kwa kufuata kiolezo cha vitabu vya Kiingereza, ambako dalili ya wakati karibu kila mara huamua umbo. Mwalimu huchukua muundo, akabadilisha maneno, akaacha majibu. Kwa kitenzi kama "pika" au "andika" haonekani amekosea. Siku anapotumia "lala" au "vaa", watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani wanaandika jibu sahihi na kupata mkasi.

Muda uliokwisha hesabiwa

Aina moja ya pengo huleta pamoja ukomo na urefu wa muda: "Kufikia Januari mwakani, mwalimu huyu ____ (fundisha) kwa miaka kumi." Jibu la darasani ni "atakuwa amefundisha kwa miaka kumi", na linatosha. Likisomwa peke yake, hata hivyo, halisemi kama bado atakuwa anafundisha. Wapo wanaoandika "atakuwa amekuwa akifundisha kwa miaka kumi", vitenzi vitatu mfululizo. Sarufi inaruhusu, sikio linachoka. Msemaji wa kawaida angepita njia nyingine: "Kufikia Januari mwakani, mwalimu huyu atakuwa anatimiza miaka kumi akifundisha hapa." Pengo la neno moja halikuachii uhuru huo, lakini katika insha au ripoti unao, basi utumie.

Ukanushaji

Kukanusha kuna njia mbili na hazilingani kabisa. Unaweza kukanusha kitenzi kisaidizi: "Kufikia Ijumaa fundi hatakuwa amemaliza." Unaweza pia kukiacha kama kilivyo na kukanusha kitenzi kikuu kwa -ja-: "Kufikia Ijumaa fundi atakuwa hajamaliza." Ya kwanza inakata matumaini moja kwa moja. Ya pili ina "bado" ndani yake. Kazi iko njiani, ila Ijumaa ni mapema. Kwa hali ya kuendelea, vivyo hivyo: "hatakuwa anapika" au "atakuwa hapiki". Mtihani ukikuambia "kanusha", njia ya kwanza ni salama kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi kwamba umekanusha wakati ujao. Usikanushe sehemu zote mbili. "Hatakuwa hajamaliza" inasema amemaliza.

"Atakuwa" ya kukisia

Kabla ya kuingia kwenye zoezi, kuna matumizi mamoja ya kuwekwa kando. Mtu akikuambia sasa hivi, "Usimpigie, atakuwa amelala," hazungumzii kesho. Anakisia hali ya saa hii. "Basi la asubuhi litakuwa limeshapita Segera saa hizi" ni makisio ya aina hiyo hiyo. Dalili zake ni sasa, saa hizi, muda huu. Umbo ni lile lile la wakati ujao timilifu, lakini ukiulizwa kitendo kiko wakati gani, usiandike "wakati ujao".

Katika mazungumzo, makisio haya huchukua pia "itakuwa" isiyobadilika: "Itakuwa wamesahau," yaani huenda wamesahau. Hapo "itakuwa" haipatani na mtu yeyote. Ni kama neno "pengine". Ndiko linakotoka lile kosa la "vitabu itakuwa vimefika". Mdomoni ni makisio halali. Kwenye zoezi la wakati ujao ni kosa la upatanisho.

Zoezi moja kwa ukamilifu

Tuchukue kifungu kimoja chenye mapengo sita, tukijaze hatua kwa hatua.

"Nikaha itafungwa Jumamosi saa kumi alasiri. Siku hiyo saa moja asubuhi wapishi (1) ____ (menya) vitunguu. Kufikia saa saba mchana pilau (2) ____ (iva). Saa nane na nusu bibi harusi bado (3) ____ (vaa), kwa hiyo msimgongee mlango. Wageni wa Tanga wakiingia saa kumi kasorobo, wazee (4) ____ (kaa) kwenye mikeka wakimsubiri shehe. Kabla jua halijazama, maharusi (5) ____ (ondoka). Jumapili saa mbili asubuhi nyumba nzima (6) ____ (lala) kwa uchovu."

Pengo la kwanza ni jepesi. Saa moja asubuhi ni nukta, na kumenya vitunguu vya shughuli ni kazi ya muda. Wapishi watakuwa wakimenya, au watakuwa wanamenya. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isiwe "watamenya". Inawezekana kisarufi, lakini maana inakuwa kwamba saa moja ndiyo watakapoanza.

Pengo la pili lina "kufikia", na kuiva ni badiliko. Pilau itakuwa imeiva. Hapa kanuni fupi na kitenzi vinakubaliana. Ungeandika "itakuwa inaiva", wageni wa saa saba wangekaa na njaa.

Pengo la tatu ndilo mtego. Kitenzi "vaa" kwa kawaida huvuta -me-, lakini neno "bado" na ile amri ya kutogonga mlango vinaonyesha kwamba kuvaa hakujakamilika. Jibu ni atakuwa anavaa. Anayeandika "atakuwa amevaa" amesoma kitenzi na kusahau sentensi.

Pengo la nne linaanza na "wakiingia", yaani nukta. Anayefuata kanuni fupi ataandika "watakuwa wakikaa" na kuwapa wageni picha ya wazee wanaojishusha chini taratibu, wote kwa pamoja, saa kumi kasorobo. Wazee watakuwa wamekaa. Ule mwendelezo unabebwa na "wakimsubiri" inayofuata.

Pengo la tano lina "kabla" yenye -ja-, ukomo safi. Kuondoka ni tendo la mara moja. Maharusi watakuwa wameondoka, au kwa kusisitiza, watakuwa wameshaondoka. Hiyo -sha- hutoka katika "kwisha" na huandikwa ndani ya neno: wameshaondoka, si "wamesha ondoka". Pwani utasikia pia "watakuwa washaondoka".

La sita linarudi kwenye nukta, Jumapili saa mbili asubuhi, pamoja na "lala". Nyumba nzima itakuwa imelala. Zingatia upatanisho: mtenda wa sarufi ni nyumba, hata kama wanaokoroma ni watu, kwa hiyo ni i- mara mbili.

Ukitaka kujipima mwenyewe unapofanya zoezi kama hili, jaribu kila jibu kwa kulirudisha kwenye sasa. Ondoa "atakuwa", jifanye saa iliyotajwa ndiyo saa hii, kisha useme unachokiona. Saa sita usiku ukimtazama mtoto kitandani, utasema "analala" au "amelala"? Utasema amelala, basi kesho atakuwa amelala. Ukimtazama Asha jikoni utasema anapika; basi kesho saa kama hizi atakuwa anapika. Kwa aliyekulia katika Kiswahili kipimo hiki karibu hakikosei, kwa kuwa sikio limezoea maumbo ya sasa kuliko ya mbali. Kwa anayejifunza lugha ukubwani hakimsaidii sana. Yeye ni bora ajiandikie orodha ya vitenzi vya hali kama vile lala, kaa, vaa na simama, aikariri.

Kwa watunga maswali nina ombi moja. Sentensi kama "Jumamosi Halima ____ (fua) nguo" haina nukta wala ukomo, na inakubali atafua, atakuwa anafua na atakuwa amefua. Iongezewe dalili kabla ya kupigwa chapa, la sivyo majibu yote matatu yapewe alama.